Tofu na Maji Yake

Mche wa tofu hutoka kwenye pakiti ukiwa mweupe, kingo zake zimenyooka kama za mche wa sabuni ya kufulia, na kwa mpishi ambaye hajawahi kuupika huonekana kitu rahisi kabisa. Anaukata vipande, anapasha mafuta, anavitumbukiza. Papo hapo mafuta yanaruka hadi ukutani. Kikaango kinapiga kelele, mvuke unapanda, na baada ya dakika mbili mpishi anaingiza mwiko chini ya kipande cha kwanza ili akigeuze. Nusu inakuja na mwiko, nusu inabaki imegandamana na chuma. Anajaribu cha pili, hali ni ileile. Mwisho wake sahani inabeba kitu kama mayai ya kuvuruga, cheupe, chenye majimaji, kisicho na ladha ya kueleweka.

Wengi wakifika hapo huilaumu tofu, na pakiti ya pili hainunuliwi. Kumbe matatizo yote matatu yaliyotokea pale, yaani kushika chini, kuvunjika na kukosa rangi, yana mzizi mmoja: maji yaliyokuwa juu ya kipande wakati kinaingia kwenye mafuta. La nne, ladha, linatokana na chumvi iliyofika baada ya wakati wake. Yote yanatibika kwa vitu vilivyomo katika kila jiko, ila kwanza mtu aelewe hayo maji yanakaa wapi.

Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa. Maharage ya soya hulowekwa usiku kucha, husagwa pamoja na maji, huchemshwa, kisha huchujwa kwa kitambaa kama nazi inavyochujwa: machicha yanabaki kitambaani, maziwa yanashuka. Maziwa hayo yakiwa bado ya moto hutiwa kigandishi. Watengenezaji wengi wa China hutumia jasi iliyosafishwa kwa ajili ya chakula. Japani inasifika kwa nigari, majimaji machungu yanayobaki baada ya maji ya bahari kutolewa chumvi. Kigandishi huzikamatanisha protini za soya zikawa wavu, na maji hunaswa ndani ya matundu ya wavu huo. Hata mche unaoonekana mgumu, robo tatu ya uzito wake ni maji, na mara nyingi zaidi ya hapo.

Wajapani wana majina mawili yanayoeleza vizuri kinachofuata. Tofu ya momen, maana yake pamba, hupatikana pale maziwa yaliyoganda yanapovunjwavunjwa, yakamiminwa katika sanduku lililotandikwa kitambaa na kukandamizwa kwa uzito mpaka maji mengi yatoke. Alama za kitambaa huonekana ubavuni mwa mche. Tofu ya kinu, maana yake hariri, hugandia ndani ya chombo chake bila kuvunjwa wala kukandamizwa, ikawa laini kama mtindi mzito. Ya kwanza imekwisha kubanwa kiwandani, na mpishi akiibana tena anaendeleza kazi iliyoanzwa. Ya pili haijapata kubanwa. Wavu wake umeshika maji yote tangu mwanzo, na ukiuwekea uzito haukamuki, unapasuka. Hakuna ufundi wa jikoni unaoweza kuigeuza tofu ya hariri iwe ya kukaanga kikaangoni kwa mafuta kidogo. Hiyo ni ya supu na ya kusagwa. Wajapani wanaoikaanga huizamisha kwenye mafuta mengi ikiwa imevikwa wanga pande zote, na huishika kama mtu anayeshika yai bichi lisilo na ganda.

Kwa hiyo kosa la kwanza hufanyika dukani. Maandishi ya pakiti zinazotoka nje huchanganya watu, lakini kidole hakidanganyi. Ukibonyeza pakiti na ndani ukahisi kitu kinachotikisika kama jeli, hiyo ni laini. Ukihisi kitu kinachosukuma kidole kurudi, kama kiganja cha mkono uliokunjwa ngumi nusu, hiyo ndiyo ya kukaanga. Zipo pia zinazofungwa katika plastiki iliyobana bila maji yoyote ndani. Hizo zimekamuliwa sana tangu kiwandani, na kuzibana tena nyumbani ni kupoteza nusu saa. Kuzifuta kwa taulo kunatosha.

Sasa kikaango. Maji huchemka kwa nyuzijoto 100 pwani, na kama 94 Nairobi kwa sababu ya mwinuko wake. Sehemu ya chakula iliyolowa haiwezi kupanda juu ya joto hilo hadi maji yake yaishe, hata mafuta yanayoizunguka yawe ya moto kiasi gani. Moto wote unatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Rangi ya kahawia na harufu inayoambatana nayo, zile ambazo Mfaransa Louis Camille Maillard alizieleza kikemia mwaka 1912, hutokea protini na sukari zinapokutana kwenye joto kubwa zaidi. Kikaangoni mambo huanza kwenda kasi kuanzia kama nyuzijoto 140. Baina ya 100 na 140 pana mlango uliofungwa, na kinachoufunga ni unyevu. Kipande kilicholowa kinaweza kukaa dakika 10 kwenye mafuta kikatoka cheupe, kwa kuwa muda wote huo kilikuwa kinachemshwa.

Kuvunjika nako kunatoka hapohapo. Protini mbichi yenye unyevu hushikamana na chuma. Ikikauka na kuwa ganda gumu la kahawia, mshiko huo hulegea na kipande hujiachia chenyewe. Mpishi anayekigeuza kabla ganda halijaumbika anavuta kitu laini kilichogandamana chini, na kilicho laini ndicho kinachochanika. Tofu iliyolowa huchelewesha ganda, na mpishi mwenye haraka hulichana kabla halijawa.

Neno muhimu katika maelezo hayo ni uso. Kinachotakiwa kukauka ni milimita chache za nje, si kipande chote. Watu wengi hufikiri lengo la kukamua tofu ni kuyamaliza maji, wakarundika vitabu na mawe hadi mche unapasuka. Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini hilo ni kazi bure. Chukua mche wa gramu 400. Ndani yake mna kama gramu 300 za maji. Ukiubana kwa nusu saa chini ya uzito wa kilo 2, yatatoka maji ya kujaza robo kikombe hivi, tuseme gramu 60. Umebaki na gramu 340, na 240 kati ya hizo bado ni maji. Tofu iliyokamuliwa vizuri kabisa ingali na maji zaidi ya nusu ya uzito wake, na ni vyema iwe hivyo, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayoifanya iwe laini ndani. Isiyo nayo hutafunika kama mpira.

Kubana, basi, kunafaa kwa mambo mawili: kunaondoa maji ambayo yangetiririka nje mara tu joto linapoingia, na kunaukaza wavu kidogo ili kingo zisimomonyoke. Namna ya kubana ina maana kuliko ukubwa wa uzito. Mche mzima wenye unene wa sentimita 5 hutoa maji polepole, kwa kuwa maji ya katikati yana safari ndefu. Ukiukata kwa ubapa upate vibamba vitatu au vinne vyenye unene usiozidi sentimita 2, safari inapungua na kazi ya nusu saa inaisha kwa dakika 15. Vibamba hulazwa kwenye taulo safi la jikoni, vikafunikwa kwa taulo jingine, juu ubao wa kukatia, na juu ya ubao pakiti ya unga ya kilo 2. Uzito huo unatosha. Dalili ya kuzidisha ni nyufa ubavuni: tofu ikianza kutumbua tumbo na kupasuka pembeni, wavu umekatika, na palipopasuka ndipo patakapovunjikia kikaangoni. Taulo likilowa chapachapa libadilishwe, la sivyo tofu inalala katika maji yaleyale iliyoyatoa.

Katika miji yenye joto kama Dar es Salaam na Mombasa, kuna jambo moja la kuongeza. Tofu ni chakula chenye protini na maji mengi, na vijidudu hukipenda kama wanavyopenda maziwa. Dakika 15 au 20 juu ya meza si neno; anayetaka kubana kwa saa kadhaa na afanyie ndani ya friji. Tofu iliyoanza kuharibika hujitangaza: maji yake huwa na ukungu na utelezi, na harufu huwa ya uchachu. Hiyo haina dawa ya kikaango.

Kuna imani inayokwenda pamoja na kubana, kwamba tofu iliyokamuliwa inakuwa kama sifongo kavu, ukiiloweka kwenye viungo itavinywa vyote. Haiwi hivyo. Sifongo lina matundu ambayo hubaki wazi maji yakitoka. Wavu wa tofu ukikandamizwa hujikunja na kuwa mdogo, na matundu hujifunga. Kipande kilicholowekwa usiku kucha katika mafuta, kitunguu saumu na majani ya giligilani, ukikikata asubuhi, utakuta katikati ni cheupe na kimepooza vilevile. Mafuta hayaingii penye maji. Yanachofanya ni kukipaka kipande nje na kuzuia hata kile kidogo ambacho kingeingia. Chumvi ndiyo inayoingia. Chembe zake ni ndogo, huyeyuka katika maji, na husafiri kupitia maji yaleyale yaliyomo ndani ya tofu. Harufu za viungo nyingi hubaki nje.

Hapa ndipo njia ya pili inapoingia, na katika makala haya inapewa nafasi ya kwanza, ingawa kwa masikio inasikika kinyume: kuikausha tofu kwa kuiloweka ndani ya maji ya moto yenye chumvi. Wapishi wa China wana mazoea ya siku nyingi ya kupitisha tofu katika maji ya chumvi yaliyo karibu kuchemka kabla ya kuiingiza katika mchuzi. Joto huukaza wavu wa protini, na wavu ukikazika husukuma nje sehemu ya maji yake. Chumvi huingia wakati huohuo. Vipande vinapotolewa vikiwa na moto wake, maji ya juu hupaa yenyewe kama nguo iliyopigwa pasi ikiwa na unyevu. Kwa hatua moja mpishi amepata uso mkavu, kipande kilichokaza na ladha iliyofika ndani.

Vipimo vyake ni vyepesi. Kwa mche wa gramu 400, chemsha lita 1 ya maji na vijiko vikubwa 2 vya chumvi. Yakishachemka, zima moto. Weka vipande ndani na uviache dakika 15. Kuzima moto si jambo dogo. Tofu ikitokoswa kwa nguvu hukakamaa na kujaa vitundu ndani, na yale mapovu ya maji yanayochemka huvipigisha vipande vibaya hadi pembe zikatoka. Baadaye vitolewe kimoja kimoja kwa upawa wenye matundu, vilazwe juu ya taulo bila kugusana, viachwe dakika 10 hadi 15. Jaribio ni kidole: uso ukiwa hauachi unyevu kwenye ncha ya kidole, umekuwa tayari. Ukiacha, subiri tena kidogo au ukandekande kwa taulo.

Mtu anaweza kuuliza kama afanye yote mawili, kubana na kuloweka. Tofu ikiwa ngumu kiasi, maji ya chumvi peke yake yanatosha. Ikiwa ni ya katikati, ile inayopinda kidogo ukiinyanyua upande mmoja, ibanwe kwanza kwa dakika 15 katika vibamba, kisha ikatwe na kuingizwa katika maji ya chumvi.

Tuifuate sasa hiyo gramu 400 hadi kwenye sahani. Mche umekatwa vipande 24 vya ukubwa wa sentimita 2 na nusu hivi kila upande. Vimelowekwa, vimekauka. Kikaango ni cha sentimita 28, kizito, cha chuma au kile kisichonata. Kinawekwa juu ya moto wa wastani kuelekea mkali na kuachwa kipate moto kwa dakika 2 bila kitu. Kile kisichonata kisiachwe kitupu, kitiwe mafuta tangu mwanzo. Mafuta ni vijiko vikubwa 3, ya alizeti au karanga. Yakianza kutembea kikaangoni kama maji na kung'aa, kipande kimoja kinatangulizwa kupima. Kikilia mara moja kwa sauti ya chembechembe, mafuta yako tayari. Kikinyamaza, kitoe na usubiri.

Vipande vyote 24 vinaenea katika kikaango hicho na kubaki na nafasi kati yao. Nafasi hiyo si ya urembo. Mvuke unaotoka kila kipande unahitaji pa kupitia. Vikibanana, mvuke wa kimoja unamlowesha jirani, na tunarudi kwenye kuchemsha. Mwenye kikaango cha sentimita 20 apike kwa mafungu mawili.

Kisha mikono inaondoka. Dakika 4 nzima, hakuna kugusa, hakuna kutikisa, hakuna kuchungulia kwa mwiko. Huu ndio wakati mgumu kuliko wote, na sikio ndilo linalosaidia. Mwanzo sauti ni ya fujo, kubwa, yenye matone yanayoruka: ni maji ya uso yanayotoka. Baada ya dakika mbili tatu fujo inapungua na kubaki mlio mwembamba, mkavu, usiokatika. Mlio huo ukisikika, chini ya kipande joto limevuka ule mlango wa nyuzijoto 100 na rangi imeanza kujengeka. Sasa kipande kimoja kinasukumwa kidogo ubavuni. Kikiteleza, kimejiachia, na upande wake wa chini utakuwa kahawia ya mandazi yaliyoiva. Kikikataa, kiachwe dakika 1 zaidi. Hakuna haja ya kukikwangua. Kikikwanguliwa ndipo kinapoacha ngozi yake chini.

Upande wa pili huchukua dakika 3 au 4. Kugeuza pande zote sita kuna raha yake lakini si lazima: pande mbili zenye ganda zuri zinatosha kukishika kipande kisivunjike hata kikiingia katika mchuzi. Kwa jumla kikaango kimekuwa motoni kama dakika 10.

Wenye sufuria nyembamba ya alumini juu ya jiko la mkaa wana vita vyao, kwa kuwa chuma chembamba hupata moto mahali pamoja kikapoa pengine, na tofu huipenda alumini kwa ubaya. Dawa ni kuongeza mafuta yafike kina cha sentimita 1, kupunguza mkaa uwe moto wa kati, na kupika vipande vichache kwa wakati. Katika mafuta ya kina hicho kipande huanza kupata ganda pembeni pia, na mshiko wa chini unakuwa mdogo.

Vipi kuhusu konflawa? Wengi huapa kwamba ndiyo siri. Vijiko vikubwa 2 vya konflawa juu ya gramu 400 za tofu, vikichanganywa taratibu kwa mikono hadi kila kipande kiwe na vumbi jembamba, hufanya kazi kweli: wanga hunywa unyevu uliobaki juu, kisha hukauka na kuwa ganda linalolia chini ya meno. Lakini una mipaka yake. Rangi yake ni ya dhahabu hafifu, si kahawia ya kina, kwa sababu wanga peke yake hauna protini ya kuleta rangi hiyo. Na lazima upakwe dakika ile ile ya kukaanga. Ukikaa dakika 10 juu ya tofu unageuka ujiuji unaonata, na ujiuji huo ndio utakaobaki kikaangoni. Wanga wa muhogo hufaa vilevile. Unga wa ugali haufai, kwa kuwa chembe zake ni nene, hudondoka, huungua chini na kuyatia mafuta uchungu. Kwa tofu itakayoingia katika sosi, konflawa ni mwenzi mzuri, maana sosi hupata pa kushikilia. Kwa ile inayoliwa kavu na chumvi na pilipili, uso mtupu una ladha nzuri zaidi.

Ladha ya nje huja mwishoni, na hili ndilo linalovunjwa mara nyingi kuliko yote. Mpishi huona tofu imepooza, basi humimina sosi ya soya na asali au sukari mapema, kabla rangi haijatokea. Sosi hiyo kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo kikaango kinarudi kwenye kuchemka. Maji yake yakiisha, sukari inaungua nyeusi wakati tofu ingali nyeupe. Utaratibu ni huu: vipande vikishakuwa na rangi pande mbili, mafuta yaliyozidi yamwagwe na moto upunguzwe. Kwenye bakuli kumeshaandaliwa vijiko vikubwa 2 vya sosi ya soya, kijiko kikubwa 1 cha maji ya ukwaju mazito, kijiko kidogo 1 cha sukari, kitunguu saumu punje 2 zilizotwangwa na kipande cha tangawizi kilichokunwa. Vyote vinamiminwa pamoja, kikaango kinatikiswa, na baada ya sekunde 40 hadi dakika 1 sosi inakuwa nzito na kukivika kila kipande. Inatolewa hapohapo. Ganda halidumu ndani ya sosi. Baada ya robo saa litakuwa limelainika, ingawa kipande hakitavunjika.

Kulainika huko si hasara siku zote. Katika mchuzi wa nazi, tofu iliyokaangwa bila konflawa huingizwa tui zito likishatiwa na moto ukiwa mdogo, dakika 5 tu kabla ya kuepua. Ganda lake linakunywa mchuzi kama mkate, jambo ambalo tofu mbichi haiwezi.

Anayetaka viungo viingie hadi katikati hasa, njia yake ni friza. Mche mzima ukigandishwa usiku kucha, maji ya ndani huwa barafu, na barafu ikitanuka huzisukuma protini zikajipanga kuwa kuta nene zenye mapango kati yake. Mche hugeuka manjano ukiwa na barafu, jambo linalowashtua wengi. Ukiyeyuka hurudi karibu na weupe wake. Sasa ukiubana katikati ya viganja viwili maji humwagika kama yanayotoka kwenye sifongo, na safari hii ni sifongo la kweli: mapango hubaki wazi na yatanyonya chochote kinachofuata, iwe maji ya ukwaju au mchuzi wa pilipili. Japani chakula hiki kikikaushwa huitwa koya-dofu, jina linalotokana na Mlima Koya wenye mahekalu ya Kibudha, na kabla ya mafriza ni baridi ya milimani iliyoifanya kazi hiyo. Gharama yake ni ulaini. Tofu ya friza ina nyuzi na hutafunwa kama nyama ya kuku iliyochambuliwa, na asiyependa hivyo ataona imeharibiwa.

Ni tofu ya namna hiyo, au ile iliyobanwa vizuri, inayostahimili kijiti. Mwaka 1782 mjini Osaka kilichapwa kitabu kiitwacho Tofu Hyakuchin, chenye mapishi 100 ya tofu, na ndani yake mna dengaku: tofu iliyokamuliwa, ikachomekwa kwenye vijiti, ikachomwa juu ya mkaa na kupakwa miso. Anayepita Kigali jioni ataifahamu picha hiyo bila kuelezwa, kwa kuwa mishikaki ya tofu huko huchomwa jirani na ya nyama.

Mshikaki una shida ambayo kikaango hakina. Kipande kikizunguka kwenye kijiti, tundu linapanuka, na kipande kinagawanyika na kuangukia mkaani. Vijiti vya dengaku mara nyingi huwa na meno mawili, na mwenye vijiti vya kawaida anaweza kuchomeka viwili sambamba, vikiachana kwa sentimita 1. Vipande viwe vikubwa zaidi kuliko vya kikaangoni, sentimita 3 au 4 kila upande. Konflawa haina nafasi hapa. Vipande hupakwa mafuta pande zote dakika ileile ya kuchoma, na wavu wa jiko uwe umeshapata moto na kupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta, la sivyo utashika ngozi yote. Kisha ni dakika 4 hadi 5 upande mmoja bila kugusa, hadi mistari ya wavu ionekane imechoreka kahawia na mshikaki unyanyuke bila kubishana. Sosi yenye sukari hupakwa baada ya kugeuza, upande ulioiva tayari, na limau hukamuliwa mishikaki ikiwa imeshatua kwenye sahani.